TAHADHARI: Anayeuza "dawa ya paa" Tabora, mwangalieni vizuri kabla hamjatoa hela

Wenye magari wa Tabora, kuna jamaa anazunguka kwenye sehemu za kuoshea magari pande za Ipuli na Cheyo na chupa isiyo na lebo. Anadai inarudisha rangi ya paa lolote lililopauka. Jirani yangu kamlipa elfu sitini kwa gari la silva. Mvua ya kwanza tu, madoa yote yamerudi palepale.

Ujanja uko kwenye gari analolichagua kuonyeshea. Hutafuta pikapu nyekundu ya zamani, anasugua, kitambaa kinatoka chekundu na paa linang'aa. Watu wanadhani ni uchafu unatoka. Ile ni rangi yenyewe. Magari mengi ya namna hiyo yalipigwa rangi bila kliya juu, ile vanishi angavu ya kuikinga rangi, kwa hiyo jua linaua tabaka la juu linakuwa kama chaki. Ukipitisha kidole, kinatoka na vumbi la rangi ya gari, na paa limefifia karibu sawasawa, bila kingo. Hapo kusugua kunasaidia kweli, maana chini kuna rangi nzima. Kampaundi ya kawaida ya kusugulia rangi ingefanya kazi hiyohiyo. (Gari likiwa jeupe tumia kitambaa cheusi, la sivyo hutaiona hiyo chaki.)

Sasa njoo kwenye silva ya jirani. Magari ya silva na metaliki huwa na kliya juu ya rangi, na hiyo kliya ndiyo iliyokufa. Paa lina mabaka meupe ya maziwa yenye kingo zilizopindapinda, katikati ya sehemu ambazo bado zinang'aa. Pitisha ukucha kutoka penye mng'ao kwenda kwenye baka: utakwama kidogo ukingoni, na pengine kigamba chembamba kisicho na rangi kitabanduka. Ndani ya baka panakwaruza, na hapo rangi imebaki wazi. Hakuna cha kusugua kirudi, kliya imeshaondoka. Ukikazana na kampaundi unaila rangi yenyewe mpaka praima.

Msidanganyike na paa lililolowa. Maji yakimwagwa, chaki na mabaka vyote hupotea machoni, na mafuta ya chupa yake yanafanya hivyohivyo kwa muda mrefu kidogo. Kagueni paa likiwa kavu, juani.

Kliya ikiwa na ukungu tu lakini nzima na laini, polishi inaweza kusaidia. Ikishabanduka, ni msasa mpaka kingo zote ziishe, kisha rangi na kliya paa zima. Fundi akisema atapuliza kliya kwenye mabaka tu, kataa, itainuka tena kuanzia kwenye kingo za zamani.

Jamaa akikufuata, mwambie asugue kipande kidogo cha paa lako mwenyewe, si la pikapu. Kisha kioshe kwa sabuni ya vyombo, kikauke, ndipo mzungumze bei.