Ndovu wa Changamwe: uzoefu wangu baada ya kuuziwa "mpingo" uliopasuka

Ndovu wa kwanza wa kuchongwa nilimnunua kwenye duka moja la zawadi Mji wa Kale, Mombasa, kwa shilingi 3,500, nikihakikishiwa kuwa ni mpingo. Nilimpelekea shangazi yangu Nairobi alipostaafu. Wiki tatu baadaye akanipigia simu: ndovu amepasuka toka mgongoni hadi tumboni, na kitambaa cha meza kina madoa meusi. Niliona haya sana.

Nikamrudisha Mombasa na kwenda naye Changamwe, kwa ushirika wa wachongaji Wakamba ulioko hapo tangu 1963. Mzee mmoja aliweka tezo yake chini, akamkwangua ndovu unyayoni kwa kisu. Ndani palikuwa peupe. "Mama, hii ni rangi ya viatu," akasema. Weupe pekee si ushahidi, kwani hata mpingo una sehemu nyeupe chini ya gome, kwa hiyo tukamtumbukiza kwenye ndoo ya maji. Akaelea. Mpingo ni mzito kuliko maji, huzama.

Kuhusu ufa, alinionyesha kitone katikati ya tumbo: kiini cha mti. Gogo bichi likichongwa zima, nje hukauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji, basi nje hukosa nafasi na kupasuka kuelekea kiini. Mombasa kuna unyevu, hivyo kinyago huweza kutulia dukani na kupasuka kikifika bara kwenye hewa kavu. Akaniambia pia nitazame mistari iliyofifia isiyofuata nyuzi za mti: mara nyingi ni ufa uliozibwa kwa vumbi la mbao na gundi.

Nilimwagiza ndovu wa mwarobaini kwa shilingi 2,800, nusu nikalipa papo hapo. Alipasua gogo na kuacha kiini nje, akatoa umbo kwa tezo, kisha akamfunga ndani ya mfuko wa plastiki na kumweka kivulini, akiufungua kidogo kidogo ili unyevu utoke polepole. Patasi, tupa na msasa vilifuata baadaye, mwisho nta. Mimi nilitaka mkonga ulionyooshwa mbele, akakataa: nyuzi zilikuwa zikisimama wima, na mkonga wa kulala ungezikata, ukavunjika kwa pigo dogo. Akauteremsha hadi kifuani, na kusema kweli umependeza zaidi.

Alichelewa wiki moja na nusu kupita siku tuliyoagana, na mguu mmoja wa nyuma una rangi hafifu kuliko mingine. Ukitaka zawadi ya kesho, pale hapakufai, labda ununue iliyokwisha kukauka. Ndovu huyu mpya yuko kwa shangazi, huu ni mwezi wake wa kumi huko. Kila akinipigia simu namwomba apitishe ukucha mgongoni mwake, na hadi juzi haujanasa popote.