TAHADHARI kwa mafundi wa Mtwara na Lindi: kijana wa "kukusafishia daftari la oda"

Mafundi wenzangu, seremala na cherehani, hasa mnaoandika oda kwenye kaunta buku kama mimi. Kuna kijana anapita karakana hadi karakana na laptopu mgongoni. Anasema atalichukua daftari lako, atakutolea orodha ya wateja wote ambao bado wanadaiwa, na ataipanga vizuri kwenye Eksel. Kwangu alikuja mwishoni mwa Oktoba, hapa Mtwara mjini. Bei yake ilikuwa shilingi 40,000, nusu kabla na nusu kazi ikiisha. Nilimwamini. Naandika ili mwingine asipite nilikopita.

Nianze na daftari lenyewe, maana ndiyo asili ya yote. Langu lilikuwa limefika ukurasa wa 88. Kila oda ina ukurasa wake: jina, namba ya simu, kazi, bei, advansi, na chini nafasi ya malipo yanayofuata. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini huku kwetu mteja anatoa advansi mwezi wa nane, halafu anakuambia "fundi, nikishauza korosho nakuja kumalizia", na hapo katikati analeta kidogo kidogo. Elfu hamsini leo, laki mwezi ujao, nyingine kwa simu wewe uko juu ya randa. Unaandika pembeni kwa kalamu yoyote iliyo karibu. Ukurasa wangu wa 34, wa mwalimu mmoja wa Naliendele, una wino wa rangi tatu na penseli ya seremala.

Kijana alikaa kwenye benchi langu kama saa moja na nusu, akapiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa simu yake. Nikamletea na chai. Siku tatu baadaye akarudi na karatasi mbili zilizochapwa: wateja 47, jumla ya madeni 6,215,000. Akaniambia, "Fundi, una milioni sita ziko nje huko, wewe unalia huna mtaji." Sikulala vizuri usiku ule kwa furaha. Kesho yake nikaenda kuchukua mbao za mninga kwa mali kauli, nikijua korosho zikilipwa nitamaliza deni la mbao na chenji itabaki.

Kasoro ya kwanza niliijua kwa aibu. Nilimpigia mama mmoja wa Magomeni nikamkumbusha laki moja na ishirini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, si nilikupa mkononi siku ya Idi, ukaandika mbele yangu?" Nikafungua daftari. Imeandikwa, ila imeandikwa upande wa juu wa karatasi kwa sababu chini palikuwa pamejaa.

Hapo ndipo nikachukua ukurasa wa 34 nikaupiga mwenyewe. Kitanda cha tano kwa sita cha mninga 650,000, kabati la milango mitatu 850,000, jumla 1,500,000. Advansi tarehe 12/8 ni 500,000. Pembeni: tarehe 3/9 laki mbili kwa simu, tarehe 17/10 laki tatu na nusu mkononi. Na kwa penseli: "kioo kaondoa, toa 60,000". Kwa hiyo bei ya kweli ni 1,440,000, alizolipa ni 1,050,000, na baki ni 390,000. Kijana alikuwa ameandika 1,000,000. Alichukua bei ya juu, akatoa advansi ya kwanza, akaendelea na ukurasa mwingine. Yote yaliyoandikwa pembeni hakuyagusa.

Kosa la pili linakwenda upande wa pili, na wengi hawalioni. Mimi mteja akibeba mali naandika "AMECHUKUA" kwa herufi kubwa. Yeye akadhani kuchukua ni kumaliza, kurasa zote zenye neno hilo akaziruka. Kumbe hao ndio wadaiwa wangu wa kweli! Dereva bodaboda mmoja wa Majengo kabeba kitanda cha nne kwa sita, kabakiza 180,000, na kwenye orodha hayumo kabisa.

La tatu ndilo lililonitia hasara ya mbao. Orodha yake ilichanganya watu wote wenye baki. Lakini mteja aliyetoa advansi ya laki mbili na kazi yake sijaianza, huyo bado simdai: mimi ndiye nimeshika hela yake. Baki yake italipwa siku nitakapomaliza, nikimaliza. Huwezi kuihesabu kama hela iliyo nje.

Nilikaa na binti yangu aliyemaliza kidato cha nne, jioni mbili, tukapita kurasa zote 88. Tuligawa kwa hali tatu. Waliochukua mali na wana baki ni 14, jumla 1,365,000. Ambao mali yao iko tayari karakana ni 9, jumla 1,240,000. Ambao kazi haijaanza au haijaisha ni 8, jumla 875,000. Ukijumlisha yote ni watu 31 na 3,480,000, na deni la kwenda kugonga mlango ni lile la kwanza tu. Kati ya milioni sita za kijana na hiyo milioni moja na laki tatu na ushee ndimo mbao zangu za mkopo zilipozama.

Mpaka hapo ningesema ni kazi mbovu, nikaachana naye. Elfu arobaini si ya kuandikia watu tahadhari.

Katikati ya Novemba, malipo ya korosho yameanza kuingia, mwalimu wa Naliendele akanipigia akiwa amekasirika. "Fundi, milioni moja ya nini tena? Na hii namba ni ya nani?" Akanitumia skrinshoti. Meseji ilisema: habari, hapa ni kwa fundi wako wa kitanda na kabati, baki yako ni 1,000,000, laini yangu ina tatizo, ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu.

Sote tunazijua meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Za kawaida zinarushwa gizani, hazijui hela gani wala wewe ni nani. Hii ilijua kitanda, ilijua kabati. Na kilichonifumbua macho ni ile milioni moja. Hesabu hiyo haipo popote duniani isipokuwa kwenye karatasi ya yule kijana. Daftari langu linasema 390,000, na mwalimu mwenyewe anajua ni 390,000. Nikaanza kupigia wateja. Kila aliyepata meseji alitajiwa kiasi kilekile cha kwenye orodha, na makosa yake. Bodaboda wa Majengo, ambaye orodha ilimruka, hakupata kitu. Sina ushahidi kwamba aliyetuma ni yule kijana mwenyewe. Huenda aliiuza orodha au simu yake ilipita mikono mingine. Lakini ilitoka kwenye orodha ile, hilo sibishani nalo.

Wenye kurasa za vurugu waliokoka kwa sababu kiasi hakikuwa sahihi, wakauliza. Aliyeumia ni mwenye ukurasa safi. Bibi mmoja wa Mikindani aliniagiza milango miwili na fremu kwa 440,000, alitanguliza 220,000, hakuleta kitu kingine katikati. Meseji ikamwambia baki ni 220,000, na ndivyo ilivyo. Angeshtukaje? Alimpa mjukuu simu, hela ikaenda. Asubuhi akaja na kirikuu kubeba milango yake.

Nilimwambia shikamoo, nikakosa la kuongeza. Yeye ametapeliwa, lakini aliyetoa namba yake na deni lake kwa mtu wa barabarani ni mimi. Tulielewana tugawane: alinilipa 110,000, nusu nyingine nikaifuta, milango akabeba. Hela yenyewe haikurudi. Tulipopiga huduma kwa wateja ya mtandao ilikuwa imeshatolewa kwa wakala tangu jana yake. Ukiwahi ndani ya dakika chache, kabla haijatolewa, wanaweza kuizuia, kwa hiyo mwambieni mteja apige kwanza, lawama baadaye. Meseji nimeisambaza kwenda 15040, ile ya TCRA ya kuripoti namba za utapeli, na polisi nimefungua RB. Namba ya kijana haipatikani.

Atakavyokujia, mtamjua hivi. Haulizi ukiandika alama fulani una maana gani. Mimi hakuniuliza hata mara moja "hii penseli ni nini" wala "amechukua maana yake amelipa?" Mtu anayefanya kazi hii kwa kweli hawezi kumaliza daftari la fundi bila kukusumbua kwa maswali. Hakubali kufanyia kazi palepale kwako, anataka picha aondoke nazo. Na akirudi anakuonyesha kurasa safi. Mimi alinionyesha tano, zote sawa sawia, na jumla ya chini ukiipiga kwenye kikokotoo inatoka vilevile. Itatoka tu, maana amejumlisha makosa yake vizuri. Ukitaka kumpima, mfungulie kurasa zile chafu kuliko zote, muulize baki ya kila mmoja amepataje.

Kama unahitaji kuchapiwa orodha, na kusema kweli inasaidia, funika namba za simu. Mimi sasa nampa anayechapa namba ya ukurasa badala ya jina: ukurasa wa 34, bei iliyorekebishwa, jumla ya alizolipa, baki, hali. Jumla ya alizolipa naipiga mwenyewe kabla, naiandika kwa wino mwekundu chini ya ukurasa. Jina na simu vinabaki kwenye daftari, daftari linabaki kwenye droo.

Kwa wateja wangu mnaosoma hapa: sijabadilisha laini. Lipa namba yangu na jina linalotokea nimevipaka rangi kwenye mlango wa karakana, upande wa ndani, juu ya kitasa. Ukipata meseji yoyote ya baki, hata kama kiasi ni sahihi, pita uangalie mlango kwanza.