Tessera sanitaria na daktari wa familia Italia: yaliyonikuta

Nilitoka Malindi nikiamini Kiitaliano changu cha hotelini kitanifikisha. Sokoni kilinifikisha kweli. Nilikwama kwenye kaunta ya ASL, ofisi ya afya ya serikali, ambayo ukiwa Veneto utaiona imeandikwa ULSS na Emilia-Romagna AUSL.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuingoja kadi ya afya, tessera sanitaria. Mume wangu aliniambia, "Itakuja yenyewe kwa posta," nami nikakaa wiki sita naangalia mlango. Kumbe kadi haiji mpaka uwe umejiandikisha, na kujiandikisha kwenyewe ndiko kuchagua daktari wa familia, medico di base. Yote hufanywa siku moja, kaunta moja.

Kibali changu cha kukaa kilikuwa bado hakijatoka, nami nikadhani sina haki. Haki ninayo. Kwa aliyekuja kuungana na familia, risiti ya posta ya maombi ya kibali inatosha kuandikishwa kwa muda, ukiongeza pasipoti, codice fiscale yaani namba ya mlipakodi, anwani unapokaa, na nakala ya nulla osta, yaani ile ruhusa aliyoiomba mwenzako ya kukuleta. Sikulipa hata senti. Wanafunzi ndio wenye mzigo: tangu 2024 wao hulipa yuro 700 kwa mwaka, na mwaka huo huisha Desemba 31 hata kama umelipa Oktoba.

Kuhusu codice fiscale, karibu nigombane na watu. Ina herufi na tarakimu 16. Mimi nimezaliwa tarehe 12, lakini yangu inasoma 52. Nikasema hawa wamekosea, nikataka irekebishwe. Karani akacheka: wanawake wote huongezewa 40 kwenye siku ya kuzaliwa, ndivyo inavyojulikana kuwa ni mwanamke. Mbele kidogo kuna Z322, hiyo ndiyo Kenya. Kinachofaa kukaguliwa ni jina: likipishana na la pasipoti, kama jina la baba limekaa mahali pa jina la ukoo, namba yenyewe hutoka tofauti, na itakusumbua kila ofisi. Lisemee kabla hujaondoka pale.

Kisha nikaonyeshwa orodha ya madaktari wenye nafasi. Daktari mmoja kwa kawaida hapokei zaidi ya watu 1,500, kwa hiyo yule anayesifiwa na majirani huwa ameshajaa. Mimi nilichagua kwa jina, nikampata wa mtaa wa mbali anayefungua asubuhi tu, nami sina gari. Baada ya miezi mitatu nikambadilisha. Inaruhusiwa, na hakuna anayekuuliza kwa nini. Safari ya pili niliuliza mambo mawili tu: anafungua saa ngapi, na basi gani linafika. Kumwona ni bure. Ila vyeti vingine, kama cha mazoezi ya jimu, huweza kulipiwa.

Nikapewa karatasi yenye jina la daktari. Hiyo karatasi inafanya kazi siku hiyohiyo, usiiweke kabatini kungoja plastiki. Kadi yangu ilitumwa ikarudi ilikotoka, kwa sababu sanduku la barua lilikuwa na jina la mume wangu peke yake. Tarishi wa huku haweki barua kwenye sanduku lisilo na jina lako. Nikaandika langu kwa kalamu, nikakibandika kikaratasi kwa selotepu, kadi ikaombwa upya, ikafika.

Sasa lile ambalo hakuna aliyeniambia. Kadi ya Mwitaliano kwa kawaida hudumu miaka 6. Yangu imeandikwa tarehe ileile kinapoisha kibali. Kibali kilipoisha nilikuwa nimeshapeleka maombi ya kukirefusha, nikatulia. Nikaenda kwa daktari na kikohozi, msichana wa mapokezi akatazama kompyuta akasema, "Signora, non risulta." Maana yake: humu haumo. Siku kibali kilipofika mwisho, nami nilifutwa kwenye orodha ya daktari, na hakuna barua wala ujumbe uliokuja.

Nilirudi ASL na risiti ya maombi mapya. Dakika kumi, nikarudishwa. Hatari ni kuchelewa, maana nafasi yako ikishachukuliwa na mtu mwingine huenda usimpate daktari yuleyule. Wangu nilimpata, ila kwa bahati: karani alisema alikuwa amebakiwa na nafasi mbili.

Huduma yenyewe naipa nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya "non risulta". Kwa sasa risiti ya posta hukaa ndani ya kava ya simu yangu, imekunjwa mara nne.