Belo la mitumba Dar: soma kapsheni kabla hujatuma hela

Matangazo ya mabelo yanafanana sana. Picha ni belo jeupe limesimama ukutani, na chini yake kumeandikwa "GREDI A KALI, MZIGO UMESHUKA, WAHI". Bei za aina moja ya nguo nazo hazipishani sana. Kinachotofautisha muuzaji na muuzaji ni mistari minne au mitano iliyo chini ya picha, kwa hiyo mwongozo huu unapanga matangazo yenyewe, kuanzia la kununua kwanza hadi la kupita bila kusimama. Nimechukua blauzi za kike kama mfano, maana ndizo wengi wanaoanza hukimbilia.

Kwanza hiyo gredi. Nguo iliyotolewa Ulaya, Marekani au Korea haiji moja kwa moja Ilala. Huchambuliwa kwanza, na mara nyingi huchambuliwa tena njiani, kwenye vituo kama Kandla kule Gujarat, Karachi au Sharjah. Kila anayechambua ana herufi zake. Hakuna chombo kimoja kinachosema A ni nini, hivyo A ya kiwanda kimoja inaweza kuwa B ya jirani yake. Halafu gredi inapima hali ya nguo tu: haina doa, haijachanika, zipu inafunga. Haisemi kama itauzika kwenye joto la Dar. Sweta nzito isiyo na kasoro ni gredi A halali kabisa, lakini mteja wake yuko Njombe au Makete, si Tandika. Swali la maana kwa hiyo si gredi gani, ni nani amechambua kwa mara ya mwisho, na alitoa nini alipomaliza.

Sasa soma tangazo hili. Nimeliandika mwenyewe kama kipimo, kwa bei za mfano:

"Blauzi za kike, nyepesi, kilo 45. Belo limefungwa kiwandani, hatujalifungua. Stika inasema gredi A; hiyo ni gredi ya kiwanda, si yetu. Jumamosi tulifungua moja la kontena hilihili: vipande 262. Vya kutundika 81, vya kumwaga chini 128, vyenye kasoro 53 (madoa, vifungo, mishono). Lako linaweza kuzidi au kupungua hapo. Bei 480,000. Mzigo uko stoo Ilala, si bandarini. Kuchukua Jumatatu hadi Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ukilipa baada ya saa 8 mchana, njoo kesho yake. Tunakutunzia bure siku 3. Ukifungua hapahapa ukakuta si blauzi, tunabadilisha. Ukishatoka nalo, hatubadilishi."

Tangazo hilo halijasifia chochote, na ndiyo sababu unaweza kupiga nalo hesabu. Vile 81 uviuze 6,000 kila kimoja: 486,000. Vya chini 128 kwa 2,000: 256,000. Vyenye kasoro 53 kwa 500: 26,500. Jumla 768,500. Toa bei ya belo, toa 15,000 ya kirikuu na 30,000 ya kufua na kupiga pasi, inabaki 243,500 kama vyote vimetoka kwa bei hizo. Havitatoka vyote, bila shaka. Vingine vya kutundika utavishusha hadi 3,000 wiki ya tatu. Lakini tazama hela ilipokaa: fungu la kwanza ni chini ya theluthi moja ya vipande, na linaleta zaidi ya nusu ya mapato. Atakayegusa fungu hilo kabla yako amekugusa mfukoni.

Tukilijua hilo, kupanga ni rahisi.

Nafasi ya kwanza, kwa mwenye mtaji mdogo au anayeanza, naipa mali iliyofunguliwa na kuchambuliwa na muuzaji mwenyewe, akakuuzia kwa fungu na idadi. Wengi hawaipendi kwa sababu kipande kinakuwa ghali. Tuseme vipande 50 vya kutundika, kila kimoja 4,000: umelipa 200,000. Ukiuza kwa 6,000 unapata 300,000, na hujabeba vipande 53 vyenye kasoro ambavyo ungevihangaikia mwezi mzima. Kwa kila shilingi uliyoweka, faida haipishani sana na ya belo zima, na mtaji uliozama ni chini ya nusu. Kapsheni ya mali hii iseme wazi kwamba belo limefunguliwa, fungu ni la ngapi, na kama unaruhusiwa kukagua kipande kwa kipande. Ikisema "hakuna kuchagua" sawa, mradi kukagua kuruhusiwe. Kagua kwapa, kola na mshono wa pembeni, kwa mwanga wa mchana. Doa la jasho chini ya taa ya stoo halionekani.

Nafasi ya pili ni belo la kiwandani ambalo halijafunguliwa, kama lile la mfano wangu. Kwa mwenye meza, wateja wa kutundikiwa na wateja wa kumwagiwa, hili ndilo la kwanza, maana anajua pa kupeleka kila fungu. Unanunua bahati kidogo, lakini ni bahati yenye mipaka ikiwa muuzaji amefungua belo ndugu na kutaja idadi. Idadi hiyo unaweza kuihakiki kichwani. Kilo 45 zikigawanywa kwa vipande 262 ni kama gramu 170 kila kimoja, uzito unaokubalika kwa blauzi nyepesi. Mtu akikuahidi vipande 500 vya blauzi za watu wazima kwenye kilo 45, ni gramu 90 kwa kipande. Hapo kuna vitop vya watoto ndani, au kuna maneno. Jinzi nazo usitarajie hata mia, kwa sababu suruali moja huvuka nusu kilo kirahisi.

Neno "mchanganyiko" kwenye belo la kiwandani ulitilie shaka mpaka lielezwe. Mchanganyiko wa nini? Wa saizi hausumbui. Wa misimu utakupa makoti. Na ukikuta nguo za ndani zimo, ujue TBS imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, kwa hiyo hizo si faida ya ziada bali mzigo usioweza kuutundika hadharani.

Nafasi ya tatu si belo, ni kwenda pale belo linapofunguliwa, Mchikichini au kwenye minada ya mitaa, na kugombea vipande. Unapata vizuri kweli, ila unalipa kwa muda na kwa viwiko, na huwezi kupanga biashara ya wiki juu yake. Yatosha kwa mwenye wateja wachache wanaoagiza kitu maalumu.

Ya mwisho, na hapa natumia neno la mwisho kwa makusudi, ni belo lililofungwa upya ambalo kapsheni yake haisemi limefungwa upya. Kufunga upya si kosa. Muuzaji anaweza kufungua, akachambua vizuri na kufunga kwa ajili ya mteja wa mkoani. Kosa ni kulipitisha kama la kiwandani. Rudi kwenye blauzi zetu. Tuseme mtu ametoa vipande 40 kati ya vile 81, akajazia 40 vyenye kasoro ili kilo zitimie, kisha anakuuzia kwa 420,000, "bei ya kutupa". Sasa una 41 vya kutundika, 246,000. Vya chini 128, 256,000. Vyenye kasoro 93, 46,500. Jumla 548,500. Toa 420,000 na ile 45,000 ya gari, kufua na pasi, unabaki na 83,500. Umepunguziwa 60,000 kwenye bei, ukapoteza 160,000 kwenye faida.

Kulitambua kunahitaji macho na mkono. La kiwandani limebanwa kwa mashine, ukilisukuma kwa goti ni gumu, kona zimesimama na mikanda imepangana kwa nafasi sawa. Lililobanwa kwa nguvu za vijana stoo huwa na tumbo na kona laini. Angalia stika: iko chini ya nailoni ya nje, au imebandikwa juu, pembeni ya alama ya stika nyingine? Mikanda miwili ya rangi tofauti ni swali la kuuliza. Liombe kwenye mzani pia. Hakuna dalili moja hapo inayotosha peke yake, maana nailoni huchanika bandarini na ikazibwa kwa nia njema. Zikikutana tatu, uliza.

"Kaka, hili limefunguliwa?"

"Linakuja hivyohivyo, dada."

Hilo si jibu. Jibu ni ndiyo au hapana, na mwenye belo safi hulitoa bila kukasirika.

Imebaki saa ya kuchukua, ambayo wauzaji wengi huiandika ovyo. "Mzigo umefika" inaweza kumaanisha meli imefika, kontena liko bandari kavu, au belo liko stoo; kati ya la kwanza na la tatu kuna ushuru, ukaguzi na foleni. Ukituma hela yote katika hatua ya kwanza umemkopesha muuzaji bila riba. Kapsheni nzuri inataja stoo na inataja saa ya mwisho ya kutoa mzigo, siyo saa ya kufunga duka tu, kwa sababu vijana wa kubeba wakishaondoka belo halisogei hata mlango ukiwa wazi. Ile siku moja ya pumziko kwa anayelipa alasiri ni ya haki pia: hela inathibitishwa, belo linatengwa, jina linaandikwa juu yake.

Kutunziwa bure nako kuna swali lake. Baada ya moto wa soko la Karume Januari 2022, mfanyabiashara anayejali huuliza mapema: belo langu likiungua au likilowa ndani ya siku hizo tatu, ni la nani? Kama tangazo halisemi, iandikwe kwenye risiti.

Kwa masika panga kuchukua asubuhi. Ukitoka Ilala kwenda Magomeni au Manzese na Jangwani pamejaa maji, kirikuu kitazunguka na bei itapanda njiani. Beba turubai lako, funika juu na pembeni. Belo likilowa na likakaa siku mbili bila kufunguliwa, ukungu huanzia katikati, na muuzaji atasema, kwa haki kabisa, kwamba lilitoka kwake likiwa kavu.