Huduma ya maswali kwa picha: nilichokiona mchoro ulipokosekana

Ukitaka kuipima huduma ya walimu wanaojibu maswali kwa picha, usiitumie picha safi. Itumie iliyokatika. Hapa Nairobi karatasi za marudio huzunguka kwenye magrupu ya wazazi zikiwa fotokopi ya fotokopi, na kurasa nyingine huanzia katikati ya swali.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Swali lake la fizikia lilianzia kipengele (b): tafuta mkondo unaopita kwenye kinzani cha 3 Ω. Juu yake ulisalia mstari mmoja tu, uliotaja betri ya volti 9 na vinzani viwili, cha 3 Ω na cha 6 Ω. Mchoro na kipengele (a) vilikuwa ukurasa wa nyuma, na hakuna aliyekuwa nao.

Huduma ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilirudisha 1 A. Hesabu yenyewe haina kosa: 3 + 6 = 9, kisha 9 ÷ 9 = 1. Ila nani alisema vinzani vimeunganishwa kwa mfululizo? Mchoro haukutajwa hata kidogo, na mtoto angenakili tu.

Mwalimu wa huduma ya pili alianza kwa kuandika asichokiona. Kisha akafanya njia zote mbili. Kwa mfululizo, 1 A. Kwa sambamba, kila kinzani hupata volti 9 zote, basi 9 ÷ 3 = 3 A, na kipengele (a) hata hakihitajiki. Akaongeza kwamba yeye anaegemea sambamba, maana kwenye mfululizo mkondo ni uleule kila mahali na mtunga swali asingekuwa na sababu ya kuchagua kinzani kimoja. Lakini hiyo ni dalili, si ushahidi, kwa hiyo akauliza: kuna kipengele (c)?

Kilikuwepo chini, kimefifia. Kiliuliza kwa nini ameta ya mkondo wa jumla inasoma 4.5 A. Kinzani cha 6 Ω hupitisha 9 ÷ 6 = 1.5 A, jumlisha na 3, unapata 4.5. Vikiwa mfululizo mkondo usingezidi 1 A. Mjadala ukaisha, na binti yangu alishaelewa kabla hata mimi sijamaliza kusoma.

Si kila picha huokolewa hivyo. Swali jingine tulilotuma lilisema "tumia jibu lako la (a)", na vipimo vyote vilikuwa kwenye mchoro uliopotea. Hapo mwalimu alikataa kubuni namba. Alimwandikia njia kwa herufi, I = V/R, akieleza kwamba R ni jibu la (a), aijaze akipata ukurasa.

Lalamiko langu ni kwamba jioni, watoto wote wanapofanya kazi za nyumbani, majibu huchelewa sana. Bei ni shilingi 50 kwa swali kupitia M-Pesa, na lile lililokosa namba hatukutozwa.