Chakula cha mbwa: mfuko wa dukani au sufuria ya nyumbani, na ile namba ya protini ina maana gani

Jirani yangu wa Mbweni ana mbwa wa kulinda, kilo 20 hivi. Juzi kaja na picha mbili kwenye simu, mifuko miwili ya chakula kikavu, kaniambia ami hebu nitazamie, huu protini 26 na huu 22, si nichukue wa 26? Nikamwambia subiri kwanza, geuza mfuko usome kule nyuma kwenye maandishi madogo, mbele pale ni matangazo tu.

Ile asilimia kwenye lebo wanaiita krudi protini, na maabara hawapimi nyama. Wanapima naitrojeni, halafu wanazidisha kwa 6.25 bas, ikitoka namba ndo inaandikwa. Kwa hiyo manyoya yana protini, kwato zina protini, hata ngozi ya kiatu ukiipeleka itatoka na protini nzuri tu, lakini mbwa hawezi kuisaga tumboni. Mwaka 2007 Marekani mbwa na paka wengi waliugua figo na wengine wakafa kwa sababu gluteni ya ngano, yaani protini iliyokamuliwa kwenye ngano, iliyotoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali ya plastiki yenye naitrojeni nyingi, ili ionekane ina protini. Kipimo hakikushtuka kabisa.

Sasa ile mifuko yenyewe. Wa 26 ulianza hivi: mahindi, gluteni ya mahindi, ngano, unga wa mabaki ya kuku. Wa 22: unga wa kuku, mchele, mahindi, mafuta ya kuku. Vitu vinapangwa kwa uzito, kizito ndo kinatangulia, kwa hiyo mfuko wa kwanza 26 yake sehemu kubwa inatoka kwenye mahindi, na protini ya mahindi haina laisini ya kutosha. Protini inajengwa na vipande vinaitwa amino asidi, laisini ni kimojawapo, na mbwa anahitaji amino asidi kumi ambazo mwili wake hautengenezi wenyewe, na zote zije kwa kiasi chake. Ni kama kusuka mkeka wa rangi, ukili mwekundu ukiisha nakshi inasimama pale pale hata kama mweupe umejaa kapu zima. Ile iliyobaki mwili unaichoma tu kama wanga. Yai, samaki, nyama na maini zina rangi zote, ndo maana nikamwambia chukua wa 22.

Kuna ujanja mwingine wa kuangalia. Ukiona "kuku mbichi" wa kwanza kwenye orodha usifurahi haraka, kuku mbichi karibu asilimia 70 ni maji na amepimwa kabla ya kupikwa, kilo kumi zikikauka zinabaki kama tatu, angeshuka hadi nafasi ya nne huko. Unga wa kuku umeshakaushwa, kwa hiyo ukiwa wa kwanza ni wa kwanza kweli. Na neno "na kuku" pale mbele, kwa sheria za Marekani linataka asilimia 3 tu, Ulaya 4. Ikiandikwa "fleva ya kuku" ndo hata hizo tatu hazilazimiki. Na ukikuta "nyama na mazao ya wanyama" bila kutaja mnyama, jua inaweza kuwa hata nguruwe, nalisema hili kwa sababu wengi wetu tunashika hicho chakula kwa mkono.

Kopo nalo lina hesabu yake. Limeandikwa protini 8, mtu analidharau, lakini asilimia 80 ni maji. Toa maji, inabaki 20, gawa 8 kwa 20 unapata 40. Mfuko wa 22 wenye maji 10, gawa 22 kwa 90, ni 24 na kidogo. Kiwango cha chini cha Marekani baada ya kutoa maji ni 18 kwa mbwa mkubwa na 22.5 kwa mtoto, kwa hiyo 24 inatosha kabisa, shida ni inatoka wapi.

Haya, mimi napanga hivi kwa mbwa wa kawaida wa hapa.

Namba moja ni mfuko uliofungwa na kiwanda, wenye chanzo cha mnyama mwanzoni na maneno kwamba ni chakula kamili kwa umri wa mbwa wako. Ikiandikwa cha ziada tu, hicho ni kitafunwa. Bei usitazame ya mfuko, tazama ya siku. Mbwa wa kilo 20 anataka kama kalori 1050 kwa siku, chakula cha kalori 3500 kwa kilo ni gramu 300, mfuko wa kilo 15 unakwenda siku 50. Kile cha rahisi kikihitaji gramu 400, siku 37 umeshamaliza, fanya hesabu mwenyewe urahisi uko wapi.

Namba mbili, mfuko huohuo lakini unapunguza kidogo unaongezea yai la kuchemsha au samaki aliyepikwa, isizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula ili usivuruge mizani.

Namba tatu ni sufuria ya nyumbani, na iwe sufuria yake peke yake, ushanielewa. Yangu ni mchele gramu 150 kabla ya kupika, dagaa wakavu gramu 80, kijiko kimoja cha mafuta, boga kidogo, na maini kidogo mara mbili kwa wiki. Dagaa wetu wa huku wanachemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke nusu saa, mwaga maji, kisha wapike vizuri. Protini yake tamu kweli, na kwa sababu wanaliwa na miba yao kalsiamu imo. Upungufu wake ni zinki na vitamini E, ukiona magamba yanaota pembeni ya mdomo na macho ujue ndo huko. Vitunguu usitie, vichwa vya samaki uwe na uhakika ni vya samaki gani maana bunju anaua mbwa kama anavyoua mtu.

Mimi nilishakosea hapo. Mbwa mtoto nilimlea na wali na minofu ya changu, minofu mitupu, naona namdekeza. Miezi miwili miguu ya mbele ikapinda kama upinde, ukimnyanyua analia. Daktari wa mifugo kauliza swali moja tu, mfupa anaupata wapi? Nyama ina fosforasi nyingi, kalsiamu karibu hamna. Mtoto mpe mfuko wa watoto tu.

Mwisho kabisa, chakula cha kupimiwa kutoka gunia lililo wazi. Huna lebo, hujui limefunguliwa lini, na kwa unyevu wetu wa masika mafuta yanachacha na ukungu unaingia. Sumu ya ukungu wa mahindi haiondoki kwa kupika. Mbwa akikataa kula ghafla, anatapika, ufizi unakuwa wa njano, acha chakula hicho siku hiyohiyo mpeleke kwa daktari.

Jirani kachukua wa 22, akachanganya na cha zamani kidogo kidogo kwa wiki nzima, mfuko kautia mzima mzima ndani ya ndoo yenye kifuniko. Siku ya kumi kanipigia, ami, mbona kinyesi kimepungua nusu na kimekuwa kigumu, ana ugonjwa? Nikacheka, nikamwambia safari hii chakula kinabaki tumboni.