Uzoefu wangu na kikokotoo cha mnyama wa mwaka wa Kichina: waliozaliwa Januari na Februari wakiangalie vizuri

Nimekuwa nikikitumia kikokotoo hiki cha kwenye simu tangu nilipokuja Guangzhou kikazi, na ninakipa nyota tatu kati ya tano. Ni cha bure, hakikulazimishi kujisajili, na ukiweka tarehe ya kuzaliwa kinakutolea mnyama wa mwaka wako na elementi yake papo hapo. Kwa mtu aliyezaliwa kuanzia Machi hadi Desemba sina malalamiko hata kidogo. Nyota mbili nimezikata kwa ajili ya waliozaliwa Januari na Februari, kwa sababu hao ndio hasa wanaohitaji kikokotoo, na ndio kinaowaangusha.

Huku mnyama si mapambo ya kalenda tu. Watu wengi, hasa wa umri mkubwa, hukuuliza mnyama wako wakitaka kujua umri wako bila kuutaja. Wanyama ni kumi na wawili, kwa hiyo ukitaja mmoja, mwenzako anakutazama usoni na kupata mwaka wako mara moja. Mwaka wa mnyama wako ukirudi, watu wako wa karibu wanakununulia uzi mwekundu wa mkononi au mkanda mwekundu wa kujikinga na mikosi. Ukipewa mnyama asiye wako, zawadi zinakuja mwaka usio wako.

Tatizo linaanzia kwenye kalenda yenyewe. Mwaka wa Kichina unaanza na mwezi mwandamo, siku inayoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na kila mwaka tarehe yake inabadilika. Sisi tuliokua tukisubiri mwezi wa Ramadhani tunalielewa hili haraka, ila kuna tofauti mbili: wao hawasubiri mwezi uonekane, wanaupiga hesabu kwa saa za China, na kila baada ya miaka miwili au mitatu wanaongeza mwezi mzima ili mwaka usihame majira. Ndiyo maana Mwaka Mpya wao hauzunguki mwaka mzima kama Idi, lakini pia hautulii kwenye tarehe moja.

Sasa tuchukue mtu aliyezaliwa tarehe 6 Februari 1986, maana hapa ndipo nilipokibaini kikokotoo. Orodha za kawaida zinazosambazwa mitandaoni zinasema 1986 ni Simbamarara. Lakini Mwaka Mpya wa Kichina ulikuwa tarehe 9 Februari 1986. Tarehe 6 bado ulikuwa mwaka wa 1985, mwaka wa Ng'ombe. Kikokotoo hapa kilifanya vizuri, kikaandika Ng'ombe. Kisha chini yake kikaandika elementi: Moto.

Hapo ndipo kuna kasoro. Elementi ziko tano, yaani Mti, Moto, Udongo, Chuma na Maji, na kila moja inashika miaka miwili mfululizo. Unaweza kuijua kwa kuangalia tarakimu ya mwisho ya mwaka: 4 na 5 ni Mti, 6 na 7 ni Moto, 8 na 9 ni Udongo, 0 na 1 ni Chuma, 2 na 3 ni Maji. Mwaka 1985 unaishia na 5, kwa hiyo mtu wetu ni Ng'ombe wa Mti. Kikokotoo kilimrudisha mnyama nyuma mwaka mmoja kama inavyotakiwa, lakini elementi kikaichukua kwenye 1986 iliyoandikwa kwenye tarehe. Mnyama na elementi huenda pamoja, mmoja akirudi nyuma na mwenzake anarudi. Ng'ombe wa Moto yupo, lakini ni wa 1937 na 1997. Kwa maneno mengine, kikokotoo kimempunguzia mtu miaka kumi na miwili.

Kama unataka kupima kikokotoo chochote kabla ya kukiamini, weka tarehe mbili zinazofuatana kwenye mpaka wa mwaka. Mpaka mzuri ni wa 2000, ambapo Mwaka Mpya ulikuwa tarehe 5 Februari. Ukiweka tarehe 4 lazima upate Sungura wa Udongo, na ukiweka tarehe 5 lazima upate Joka wa Chuma. Vyote viwili vibadilike usiku huohuo. Usipime kwa mpaka wa 1985, kwa sababu 1984 na 1985 yote ni Mti, na kasoro ya elementi haitajitokeza hata kama ipo. Chagua mwaka unaoishia na tarakimu shufwa, maana hapo ndipo elementi hubadilika.

Jambo la pili lililonikera halihusu hesabu, linahusu ukimya. Ndani ya kikokotoo kuna ukurasa wa bazi, ule utabiri unaotumia mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa. Niliweka tarehe ileile ya 6 Februari 1986, na safari hii nikapata Simbamarara wa Moto. Mtu asiyejua ataona programu moja inajipinga yenyewe. Ukweli ni kwamba watabiri wengi wa bazi hawabadilishi mnyama siku ya Mwaka Mpya. Wanambadilisha siku ya Lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua, inayofuata jua na kuangukia karibu na tarehe 4 Februari kila mwaka. Kwa mpaka huo, tarehe 6 Februari 1986 tayari ni ya Simbamarara. Majibu yote mawili yana wenyewe: ukiulizwa dukani au mezani, wewe ni Ng'ombe, ukikaa mbele ya mtabiri wa bazi, huenda akakuhesabu Simbamarara. Sentensi moja tu kwenye skrini, ikisema ni mpaka upi umetumika, ingetosha kuondoa mkanganyiko wote huu, na mimi ningekiongezea nyota.

Mwaka 1985 pengo hilo lilikuwa pana zaidi, kwa kuwa Mwaka Mpya ulichelewa hadi tarehe 20 Februari. Waliozaliwa kuanzia Lichun hadi tarehe 19 Februari ni Panya kwa hesabu ya Mwaka Mpya na ni Ng'ombe kwa hesabu ya Lichun. Na ukienda Vietnam, mwaka huo walisherehekea tarehe 21 Januari, karibu mwezi mzima kabla, kwa sababu wao walipiga hesabu ya mwezi kwa saa zao.

Kwa hiyo mimi sasa kikokotoo nakitumia kwa haraka tu, na kwa tarehe za Januari na Februari nafungua majedwali ya Hong Kong Observatory, yanayolinganisha kalenda hizi mbili kuanzia 1901 hadi 2100. Ni ya bure, na yanaonyesha siku kwa siku.

Kwa ndugu zangu mliozaliwa Afrika Mashariki mkesha wa mpaka, angalieni na saa. China iko mbele yetu kwa saa tano. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam saa mbili usiku tarehe 8 Februari 1986, China ilikuwa saa saba usiku, tayari tarehe 9. Kikokotoo kinauliza saa ya kuzaliwa lakini hakiulizi mahali. Kwa mazungumzo ya kawaida, tarehe ya cheti cha kuzaliwa inatosha. Kwa bazi, ambako Lichun inahesabiwa kwa saa na dakika, badilisha kwanza saa yako iwe ya China, halafu ndipo ulinganishe.